Msaada: fokasi inanikimbia nikirekodi mnada wa samaki Feri, Mtwara

Mchuuzi_wa_Picha: Wakuu, habari za leo. Narekodi filamu fupi ya maisha ya pale Feri. Vyombo vikiingia, dalali anamwaga samaki chini na mnada umeanza. Hapo nina dalali mita moja mbele yangu, mama muuza samaki anapandisha bei mita mbili pembeni, na nyuma yake kijana anateremsha tenga. Fokasi ya otomatiki inahangaika mpaka mnada unaisha. Ya mkono ndiyo kabisa, sina muda wa kuzungusha pete. Natumia kamera ya APS-C na lenzi yake ya 18-55. Nimesikia habari ya umbali wa haipafokali. Naipangaje?

Baharia77: Rahisi tu mkuu. Weka infiniti, funga lenzi mpaka f/22, piga kazi. Kila kitu kitatokea.

Bi_Mkubwa_Lenzi: Baharia ana nusu ya jibu. Kwenye APS-C, milimita 18 kwa f/8, haipafokali iko kama mita mbili. Ukifokasi hapo unapata kuanzia mita moja hadi upeo wa macho. Ukiweka infiniti kwa f/8 hiyohiyo, ukali unaanzia mita mbili, kwa hiyo umemtupa dalali wako ili upate mashua zilizoko majini.

Tena kwa kazi yako mimi nisingeweka hata hiyo mita mbili. Dalali akikusogelea hatua moja tu, ameshatoka. Weka mita moja na nusu, bado f/8. Ukali utaanzia kama sentimita 86 na kuishia karibu mita tano na nusu. Mnada wote umo ndani. Mashua za mbali zitalegea kidogo, sidhani kama kuna atakayezitazama.

Mchuuzi_wa_Picha: Shukrani dada. Shida lenzi yangu haina namba za umbali hata moja. Nitajuaje ni mita moja na nusu?

Bi_Mkubwa_Lenzi: Chukua kanga. Urefu wake ni kama mita moja na nusu. Itandaze kuanzia usawa wa sensa, ule mstari unaokata duara juu ya bodi ya kamera, siyo kuanzia kioo cha mbele. Mwisho wa kanga simamisha ndoo yenye maandishi. Zumu iwe 18, fokasi ndoo kwa AF, kisha hamishia MF na usiguse tena pete. Ya zumu ifunge kwa tepu. Ukienda 35 hesabu yote imekufa, maana haipafokali inakimbilia karibu mita nane.

Halafu zima ile hali ya kamera kulala yenyewe. Lenzi nyingi za kisasa pete yake inaendeshwa kwa umeme, na kamera ikizimwa inaweza kusahau ulipoiacha. Ukiwasha upya, rudia ndoo.

Korosho_Studio: Mimi nilirekodi harusi Lindi kwa 50 ya f/1.8, ukumbi una taa mbili tu. Nikajaribu hii mbinu, bibi harusi ukungu mtupu. Haifai.

Bi_Mkubwa_Lenzi: Kaka, pale haikuwa na nafasi ya kufanya kazi. Inataka lenzi pana na mwanga wa kutosha. Kwa 50 kwenye f/1.8 unene wa ukali ni sentimita chache tu mtu akiwa karibu. Hata ghala la korosho mchana ningefikiria mara mbili.

Baharia77: Sasa mwanga wenyewe mbona hamuusemi? Jua la saa sita Mtwara, video ya fremu 25, shata 1/50, ISO 100: kwa f/8 picha inaungua. f/22 inakaa sawasawa bila kununua chochote.

Bi_Mkubwa_Lenzi: Hapo umenikamata, hesabu yako ni sahihi. Kwa f/8 itabidi avae filta ya ND8, inakata stopu tatu. Ila f/22 inalegeza picha nzima, hata pale ulipofokasi, kwa sababu mwanga unasambaa ukipita kwenye tundu dogo.

Baharia77: Kwa video ya HD inayotazamwa kwenye simu, nani ataona?

Bi_Mkubwa_Lenzi: Kwenye simu huenda wasione. Yeye amesema filamu. Na hata hizi namba zangu ni za mtazamo wa kawaida. Kwenye skrini kubwa, mtu wa sentimita 86 ataonekana laini. Mchuuzi, kabla ya kwenda msimamishe mtu mita moja, kisha mbili, kisha tano, rekodi, ukaangalie kwenye kompyuta. Kioo cha kamera kidogo, kila kitu kinaonekana kikali.

Mchuuzi_wa_Picha: Nimefanya kwa f/8, alfajiri bila filta. Mita moja na mbili safi kabisa. Mita tano, maandishi ya fulana yanasomeka kwa shida. Nisogeze ndoo hadi mita 1.8?

Korosho_Studio: Sogeza.

Bi_Mkubwa_Lenzi: Usisogeze, dalali ndiye filamu yako.