Tupeane uzoefu: nauli ya basi Dar kwenda Moshi na Arusha Desemba, ulipanda daraja gani na tiketi iliandikwa kiasi gani?

Mama Wawili

Wakuu, habari za majukumu. Kila mwisho wa mwaka tunalalamika kuwa nauli za Kaskazini zimepanda, ila hatusemi tulipanda basi la daraja gani, tulikata tiketi lini, wala kilichoandikwa kwenye tiketi. Bila hayo mtu hawezi kujua kama ameibiwa au amelipa nauli halali iliyochangamka. Naomba tuweke kumbukumbu zetu hapa.

Naanza mimi. Nilikuwa naenda Same na wanangu, basi la viti vitatu kwa viwili. Nilitozwa nauli ya kufika Arusha. Nilipouliza nikaambiwa, "Kipindi hiki hatuuzi vituo vya njiani, dada." Tiketi yenyewe ikaandikwa Arusha. Nilikata Mbezi Luis stendi, siku mbili kabla ya Krismasi, na sikuwa na namna.

Wakala wa Zamani

Dada, pole. Nimekata tiketi miaka mingi, ngoja nieleze inavyokwenda.

LATRA inaweka nauli ya ukomo kwa kila abiria kwa kilomita. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, barabara ya lami. Chukua safari ya kilomita 600: kawaida inakuja kama 29,082, kati kama 40,704. Huo ndio ukomo, kampuni inaruhusiwa kuuza chini yake. Machi au Mei, basi likiwa na viti vitupu, utauziwa chini kabisa kwa sababu jirani yake naye anaita abiria. Desemba ushindani unakufa, wote wanapanda hadi ukomo. Abiria anaona nauli imepanda, na kweli imepanda, lakini hapo hakuna kosa.

Kosa linaanza wakipita ukomo, na njia ninazozijua ni tatu. Ya kwanza ndiyo iliyokukuta: unauziwa kilomita usizosafiri. Ya pili, basi lenye leseni ya daraja la kawaida linatoza nauli ya daraja la kati. Ya tatu ni mbaya zaidi: unatoa elfu arobaini, tiketi inaandikwa nauli ya ukomo, ile ya juu inabaki mkononi mwa aliyekukatia. Ukienda kulalamika, karatasi yako inasema ulilipa sawa.

Upande wa pili nao useme ukweli wake. Wiki ile basi linapanda limejaa na linarudi Dar karibu tupu. Dizeli ni ileile kwenda na kurudi. Januari mambo yanageuka. Tajiri anataka abiria wa kwenda alipie na kurudi, ndiyo maana presha inakuwa kubwa hivyo.

Kijana wa Himo

Mkuu umeeleza vizuri, ila mimi najua basi likiwa na kiyoyozi na sehemu ya kuchajia simu, hilo ni daraja la kati moja kwa moja. Kwa hiyo wakitoza nauli ya kati ni haki yao. Na serikali imekataza kupandisha nauli sikukuu kwa mabasi yote.

Wakala wa Zamani

Mdogo wangu, hapana kwa yote mawili. Daraja linatokana na leseni aliyopewa mwenye basi. Nimeona mabasi ya kawaida yamefungwa kiyoyozi na bado ni ya kawaida. Na daraja la juu halina nauli ya ukomo, mwenye basi anapanga mwenyewe. Hao wakipandisha Desemba, unachoweza ni kukataa na kutafuta basi jingine. Kwa hiyo kabla hujagombana na mtu dirishani, uliza kwanza: "Basi hili limesajiliwa daraja gani?" Ukiona anajibu kwa kukusifia viti, rudia swali.

Mzee wa Siha

Mimi nauliza, kwa nini hamuendi na SGR? Mjukuu wangu alipanda hadi Dodoma na alifika mapema sana.

Mama Wawili

Shikamoo mzee. SGR inatufikisha Morogoro na Dodoma, njia yetu ya Kaskazini bado ni basi.

Muuza Mitumba

Mimi nauli hainiumizi kama mizigo. Abiria mtu mzima ana haki ya kilo 20 bila kulipia, ila pale buti hakuna mzani. Konda anaunyanyua mfuko kwa mkono mmoja, anakutazama usoni, anataja bei. Mwaka juzi kiroba changu cha mchele na begi la nguo viliombewa hela inayokaribia nusu ya nauli, bila risiti, basi linawashwa.

Sasa hivi napima dukani kwa jirani kabla sijatoka nyumbani. Najua kiroba ni kilo ngapi, begi ni kilo ngapi, na nazitaja kabla hajataja yeye. Tunabishania zile zilizozidi 20 tu. Kingine, mzigo mzito siendi nao siku ya safari: naupeleka ofisi ya vifurushi siku moja kabla, wanauandikia risiti, naupokea Moshi. Wiki ya Krismasi vifurushi navyo vinarundikana, kuna mara mzigo ulinifuata baada ya sikukuu. Chakula kinachoharibika usithubutu.

Halafu mtofautishe hela ya basi na hela ya mpagazi. Yule anayekunyang'anya begi getini si wa kampuni, na ukimlipa yeye konda atakudai tena.

Nesi wa Zamu

Kuhusu muda wa kukata, mimi ratiba ya zamu naipata Novemba, nakata siku hiyohiyo kwenye mfumo wa kampuni, nachagua kiti mwenyewe na jina langu linatokea. Nauli niliyolipa ilikuwa ileile ya Oktoba. Lakini kampuni moja niliyokuwa naitumia iligoma kufungua tarehe za kuanzia 18 Desemba mpaka mwezi wenyewe ulipoanza, na zilipofunguliwa viti vya mbele vyote vilikuwa vimeshachukuliwa. Nani aliyevichukua sijui. Siku ya safari stendi kulikuwa na watu wanaviuza mkononi.

Kijana wa Himo

Mimi nasubiri. Ikikaribia Krismasi LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya njia nyingine kuja kusaidia. Mwaka jana nilipata Kosta jioni ya tarehe 24 kwa bei ya chini kuliko walioparamia tarehe 20.

Muuza Mitumba

Ulibahatika. Mwaka huohuo mimi nililala Mbezi na watoto. Na hizo Kosta mzigo unawekwa wapi?

Wakala wa Zamani

Ukipanda gari la kibali, omba kuona kibali chenyewe kina njia gani. Gari likikamatwa Chalinze bila kibali mnashushwa wote, na nauli kurudishiwa ni vita.

Nesi wa Zamu

Wakala, nisaidie hapo. Zamu ikibadilika nikahamisha tarehe ya tiketi, kampuni moja ilinihamishia bure, nyingine ikanikata nusu. Ipi iliyo sahihi?

Wakala wa Zamani

Ofisini kwetu tulikuwa tunahamisha bure ukija siku moja kabla, ila huo ulikuwa utaratibu wetu. Mwenye tiketi yenye masharti yaliyoandikwa nyuma ayapige picha atuwekee, tulinganishe kampuni kwa kampuni.

Mama Wawili

Na mwenye tiketi ya Korogwe, Same au Mwanga ya Desemba iliyoandikwa kituo chake kweli, tafadhali aweke nauli na daraja. Nataka kujua ni basi gani linauza.