Naomba ushauri: karani wa hadithi yangu anabadilika ghafla mno

Msimulizi wa Mikindani: Ndugu wanajamvi, ninaandika hadithi fupi juu ya Somoe, karani mdogo wa mizani katika ghala la chama cha msingi huko Tandahimba, msimu wa korosho. Msimamizi wake humwamuru akate kilo mbili kwa kila gunia, ingawa gunia tupu halifikii uzito huo. Mwanzoni Somoe anatii bila neno. Kurasa chache baadaye anamkatalia mbele ya wakulima. Waliosoma hawamwamini. Hatua za katikati nizijengeje?

Mama Nachingwea: Pole sana mwanangu. Tunza nakala za kila unachoandika, na wakikuachisha kazi, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Msimulizi wa Mikindani: Shikamoo mama, nashukuru. Somoe ni mhusika wa kubuni, mimi sijaajiriwa ghalani.

Kalamu ya Lindi: Usimpe maneno kabisa. Aandike uzito halisi kwa siri kwenye daftari lake, basi.

Karani Mstaafu: Daftari ni wazo zuri, lakini anayeandika kwa siri bado hajampinga mtu. Nimekaa kwenye mizani misimu mingi, na najua kwamba karani mdogo huanza kwa swali: "Samahani mzee, kilo ya pili niiandike kwenye safu ipi?" Msimamizi atacheka tu. Siku nyingine Somoe apime magunia kumi matupu kwa pamoja, kwa sababu mizani ya ghala haisomi vizuri uzito mdogo, kisha amwoneshe kwamba yamefika kilo kumi na kidogo. Hapo msimamizi hatacheka tena, bali atajieleza, na sababu yake iwe ya kweli: korosho zikiendelea kukauka ghalani hupungua uzito, na upungufu ukionekana baada ya mnada yeye ndiye anayeulizwa. Somoe akubali hilo, kwa kuwa ni kweli, lakini aseme kwamba makato ya unyevu yaandikwe peke yake kwenye stakabadhi, mkulima ayaone, yasifichwe ndani ya uzito wa gunia. Mkulima mwenye magunia 40 anapoteza karibu kilo 40 bila kujua, na Somoe anaijua sura yake. Ukifika hapo, kukataa kwake hakutamshangaza msomaji.

Msimulizi wa Mikindani: Sikuwa nimempa msimamizi sababu yoyote, nami naona sasa ndiyo maana Somoe hakuwa na cha kujibu. Je, siku ya kukataa aendelee kumwita mzee?

Karani Mstaafu: Aendelee. Akiliacha neno hilo, wakulima watazungumzia adabu yake na kusahau mizani.

Kalamu ya Lindi: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Amwite msimamizi, kwa cheo chake, kwa sababu siku hiyo anazungumza naye kama mtumishi mwenzake, si kama mtoto wake.

Msimulizi wa Mikindani: Nitaandika onesho hilo kwa namna zote mbili, kisha niwasomee tena wale waliokataa kumwamini.