Mrejesho: mshumaa mkubwa wa kijani

Niliwauliza: "Nikiona mshumaa mkubwa wa kijani kwenye chati, roho hainitulii mpaka ninunue. Nifanyeje?"

Ahsanteni ndugu zangu, hasa kaka wa Wete aliyesema nipime kwa ATR(14). Sasa mshumaa wa saa moja ukifunga umezidi ATR mara mbili, sinunui papo hapo. Naweka Buy Limit katikati yake, Stop Loss chini ya mshumaa. Isipoguswa ndani ya mishumaa mitatu, naifuta.

Juzi XAUUSD ilipanda dola 16, ATR ikiwa 7. Bei ikarudi dola 9, oda ikaingia, na nikahatarisha kama dola 8 badala ya 16. Ikalipa.

Nyengine ilipaa moja kwa moja bila mimi, na roho iliuma vilevile. Hilo kanuni haijalitibu.