Kilo 1 na gramu 1000 hazionani: visawe, kufanana kwa herufi, au safu ya kiasi?

BintiLangoni
Asalaam aleikum. Natunza orodha ya bidhaa za duka la jumla la ami yangu hapa Amu, na yote imo ndani ya PostgreSQL. Wateja wa Shela, Matondoni na Kipungani hutafuta kwa simu, nasi tunapakia punda au mashua. Vipimo vinatuangusha. Juzi mtu aliandika "mchele 1kg" akaambiwa hakuna, na mchele umejaa stoo. Msambazaji aliuandika "Mchele Pishori 1000g", nami nikanakili vivyo hivyo. Mwengine akaandika "majani 500g", pakiti ya 50g ikatokea juu, akaagiza bila kuangalia. Mashua ikaenda Kipungani na kurudi kwa sababu ya sifuri moja.

Naona njia tatu: kuorodhesha visawe, kutafuta kwa kufanana kwa herufi kwa `pg_trgm`, au kukitoa kiasi ndani ya jina na kukiweka kwenye safu yake kama namba. Aliyezijaribu anieleze.

ViungoMalindi
Waaleikum salaam dada. Usijitese, weka visawe. Mimi nauza viungo Malindi, nimeandika mistari kumi na tano tu: 1kg ni 1000g, 500g ni nusu kilo, 250g ni robo. Sijapata lalamiko hata moja.

FundiMkomani
ViungoMalindi, kwako zinafanya kazi kwa sababu viungo vina saizi chache na maandishi ni yako mwenyewe. Duka la jumla halina bahati hiyo. Kilo moja peke yake huandikwa 1kg, 1 kg, kilo 1, kilo moja, 1000gm, gramu elfu. Zidisha kwa kila saizi iliyo dukani. Halafu kisawe hakijui kwamba 900g iko karibu na kilo. Kinajua ulichokiandika tu.

Kufanana kwa herufi ndiko kulikokuletea ile pakiti ya 50g, kama ulikuwa umeshakuwasha. `pg_trgm` hukata neno vipande vya herufi tatu tatu na kuhesabu vipande vinavyoshirikiwa. "50g" ina vipande vinne, "500g" ina vitano, na vitatu ni vya pamoja. Ukitoa vinavyojirudia, jumla ni sita, kwa hiyo kufanana ni 3 kwa 6, yaani 0.5. Sasa chukua "1kg" na "1000g": kipande cha pamoja ni kimoja kati ya tisa, 0.11. Kiwango cha kawaida cha kukubali ni 0.3. Kwa hesabu hiyo pakiti iliyopungua mara kumi inapita, na mchele ule ule kwa jina jingine unakataliwa. Itumie kwa makosa ya "mchelle" na "sukali", lakini uondoe namba kwanza.

Basi ni safu. Weka mbili: aina ya kipimo (uzito, ujazo, urefu, idadi) na kiasi kwa kizio kidogo, gramu au mililita, kwa namba nzima. Alichoandika mteja kipitie kanuni ile ile inayosoma majina ya bidhaa, kabla ya kutafuta.

NafakaMpeketoni
Samahani wanangu, mimi naona tatizo ni mizani. Huku watu wazima bado wananunua kwa kibaba na pishi, na pishi ni vibaba vinne. Mwenye mizani mbovu hata akiandika gramu haisaidii.

BintiLangoni
Mzee wangu, mizani ni nzima, ni maandishi tu. Lakini umenikumbusha jambo: wateja wetu wanaandika "pishi" kweli. Nitalirudia.

Fundi, nimefanya jana usiku. Kanuni yangu ilikuwa hii:

```
(\d+(?:[.,]\d+)?)\s*(kg|gm|g|ml|l)\y
```

Bidhaa nyingi zimesomeka sawa. Kisha nikapanga kwa bei ya kilo moja, na juu kabisa kukawa na mchele wa shilingi 180 kwa gramu 1, yaani 180,000 kwa kilo.

FundiMkomani
Hapo umefanya kazi nzuri, bei ya kilo ndiyo inayofichua. Bila shaka jina lile limeandikwa "1,000 g". Wewe umeichukua koma kama nukta ya desimali, ikawa 1.000. Kwetu koma hutenga maelfu, basi koma ikifuatwa na tarakimu tatu kamili iondoe kabla ya kusoma.

Kubwa zaidi ni kwamba kanuni yako inangoja namba kabla ya kipimo. Mswahili anaanza na kipimo: kilo 2, kilo mbili na nusu, lita moja. Na "robo tatu" ni gramu 750. Msomaji anayesimama kwenye "robo" atatoa 250, na anayeruka hadi "tatu" atatoa kilo 3. Soma maneno marefu kwanza, mafupi baadaye: "na robo tatu", "robo tatu", kisha "robo".

Uzito na ujazo usivichanganye. Lita ya mafuta ya kupikia ina kama gramu 920, kwa hiyo anayetafuta "mafuta 1kg" huenda anataka yale ya kuganda ya kwenye kopo, wala si chupa ya lita.

HadweaMalindi
Mimi nauza mabati. Mteja anaandika "mabati 30 mita 3". Nilipofuata njia hii ya safu, 30 ikasomwa kama mita. Ni geji ile, yaani unene wa bati.

FundiMkomani
Namba isiyo na kipimo kando yake usiifanye kiasi, kaka. Iache iwe neno la kawaida, ifanane na jina la bidhaa. Mita 3 ina kipimo, hiyo isome. Hata "majani 100" iache hivyo: inaweza kuwa gramu 100 au vifuko 100.

ViungoMalindi
Nakubali kwa duka kubwa. Ila je, mtu akitaka kilo 1 na ipo ya gramu 900 tu, umfiche?

FundiMkomani
Mimi sifichi, napanga tu:

```sql
SELECT jina, bei FROM bidhaa
WHERE jina ILIKE '%mchele%' AND aina = 'uzito'
ORDER BY abs(ln(kiasi / 1000.0)), bei;
```

Kwa `ln` nusu kilo na kilo mbili ziko mbali sawa na kilo moja. Ukitoa tu namba kwa namba, pakiti ya gramu 50 itaonekana karibu kuliko ya kilo mbili.

HadweaMalindi
Kwa mabati mimi naficha. Bati la mita 2.5 halifuniki paa la mita 3, na kumwonyesha mteja ni kumpotezea wakati.

BintiLangoni
Basi nitapanga kwa vyakula, na kuficha kwa vitu vya urefu. Lakini limebaki la "sukari nusu mbili". Jumla ni kilo moja, ila mteja anataka pakiti mbili za nusu, huenda moja ni ya jirani. Na bandali ya unga, pakiti 12 za kilo 2: niandike 2000 au 24000?

FundiMkomani
Bandali iandikie yote mawili, kiasi cha pakiti na idadi, kisha linganisha na kiasi cha pakiti. Wa jumla atataja bandali mwenyewe. Ile ya nusu mbili mimi pia bado inanisumbua.

NafakaMpeketoni
Na pishi, binti? Pishi ya mchele haina uzito wa pishi ya kunde.

BintiLangoni
Ni kweli, mzee, kwa sababu pishi ni ujazo, kwa hiyo siwezi kuiwekea gramu moja kwa nafaka zote. Kesho asubuhi, kabla mashua ya Mokowe haijafika, nitapima pishi ya kila nafaka tuliyo nayo na kuiandika kwenye safu yake.