Fomu wametoa wao, kuprinti wamekataza wao, halafu naulizwa mimi "huna jina?"

Nyuki Mkali: Wakuu, natoka kule sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wale wale wa "pakua fomu, jaza, printi, leta".

Nimejaza kwenye simu usiku, jina, anwani, namba ya NIDA tarakimu zote 20. Asubuhi nikaituma steshenari, ikaprintiwa, mbio foleni, jogoo hata hajawika. Nafika dirishani, yule dada anaigeuza karatasi mbele nyuma, ananitazama: "Kaka, huna jina?" Mbele ya umati! Mistari yao ipo, visanduku vipo, nilichojaza mimi hakuna hata herufi.

Nikarudi steshenari. Kijana akafungua faili, tupu. Akabofya kwenye kisanduku cha jina, jina langu hilo hapo! Akabofya pembeni, likayeyuka. Tukaingia kwenye tovuti yao kupakua upya, kumbe wameshabadilisha faili. Hii mpya kitufe cha kuprinti kimefifia, juu imeandikwa `(SECURED)`. Fomu ya kuprinti imekatazwa kuprintiwa! Na mimi naulizwa huna jina! Mlinzi alicheka mpaka akaegemea geti.

Kijiwe Nongwa: 😂😂 Kaka Huna Jina, karibu jukwaani.

Mwana wa Pangani: Wino huo. Steshenari nyingi zinaprinti na katriji iliyokauka.

Fundi Toneri: Wino ungekuwa umeisha, hata mistari yao isingetoka. Mkuu Nyuki, dalili umeitaja mwenyewe: ukibofya jina linakuja, ukitoka linapotea. Ndani ya PDF, jina ulilojaza linatunzwa sehemu moja, na mchoro wake wa kuonekana kwenye karatasi sehemu nyingine. Baadhi ya programu za simu zinaandika jina, mchoro haziuchori. Printa inachukua mchoro, haukuti, inaacha wazi.

Hapa kwangu nafungua kwa Acrobat Reader kwenye kompyuta, naingia kila kisanduku, nagusa nafasi moja, naifuta, nabofya Tab, mwisho nahifadhi. Mchoro unatengenezwa upya. Kabla ya kuprinti natazama picha ndogo kwenye dirisha la kuprinti. Kama jina halipo pale, kwenye karatasi halitakuwepo.

Mama Kubwa: Mimi yangu vyote vinatoka, isipokuwa kisanduku cha tarehe. Nimeprinti kwangu, kwa jirani, ofisini kwa shemeji, tarehe hakuna.

Fundi Toneri: Hiyo ni nyingine, mama. Kisanduku kile kile kikikosa kila mahali, aliyetengeneza fomu amekiwekea `Visible but doesn't print`. Kwenye kioo unakiona, kwenye karatasi hakitoki. Andika tarehe kwa kalamu, na uwaambie warekebishe.

Mwana wa Pangani: Sawa, na hii ya kukataa kuprinti? Ni paswedi tu. Nyuki aweke paswedi aliyofungulia faili, itaprinti.

Nyuki Mkali: Paswedi gani? Faili limefunguka lenyewe! "Huna jina", jamani, na mama yangu aliniita kwa jina tangu siku ya kwanza!

Fundi Toneri: Pangani umepatia nusu. Paswedi ziko mbili. Moja ya kufungua, hiyo hawakuweka. Nyingine ya mwenye faili, ndiyo inayolinda ruhusa: nani aprinti, nani anakili, nani ajaze. Nyuki, bonyeza Ctrl+D, nenda `Security`, tuambie umeona nini.

Nyuki Mkali: `Printing: Not Allowed`. Chini yake `Filling of form fields: Allowed`. Yaani nijaze, halafu niitazame?

Fundi Toneri: Huenda wanataka ijazwe na kurudishwa kwa barua pepe, huenda aliyehifadhi aliacha tiki vibaya. Ukiwa nje hujui. Steshenari hawana kosa, wala printa. Tena ruhusa hiyo inategemea programu kuiheshimu, ndiyo maana faili moja huku linakataa, kule linaprinti. Kwa fomu ya ofisi mimi sizunguki kufuli la mtu. Waandikie watume isiyofungwa.

Mwana wa Pangani: Apige picha kioo, aprinti picha.

Fundi Toneri: Herufi zitatoka na ukungu, na dirishani wataikataa.

Nyuki Mkali: Kuwaandikia? Simu hawapokei, barua pepe watajibu?

Mama Kubwa: Mimi nasumbuliwa na taarifa ya benki, inataka paswedi kufunguka. Ni hiyo hiyo?

Kijiwe Nongwa: Hiyo ya kufungua, mama, waulize benki. Ila tuongelee hizi steshenari, ukurasa wa rangi wanatoza kama wanachapisha noti!

Mwana wa Pangani: Na pasipoti saizi je? Juzi nimekatwa sikio.