Mifuko ya uyoga inachemka katikati: feni kubwa au nipunguze unene wa ukuta?

MkulimaRuai
Habari wadau. Naomba ushauri kutoka kwa mtu anayejua hesabu za joto. Niko Ruai, kibanda cha uyoga wa oista. Mifuko ya majani ya ngano, tayari ina mbegu, nimeipanga ikabanana hadi ikawa kama ukuta: urefu mita 4, kimo mita 1.6, unene sentimita 40. Nyuso zote mbili pana ziko wazi kwa hewa. Joto halijabadilika kwa siku 3 sasa, asubuhi na jioni ni yale yale:

hewa ya kibanda: 24
uso wa mfuko: 28.5 (pande zote mbili)
sentimita 10 ndani kutoka usoni: 35.3
katikati kabisa: 37.5

Katikati utando mweupe umeanza kugeuka rangi ya njano, na mifuko miwili imeshika ukungu wa kijani. Nina feni ndogo ambayo bado haitumiki, na pesa ya kitu kimoja tu: feni kubwa, au mbao za kutengeneza rafu zaidi ili ukuta uwe mwembamba. Kijana anayenisaidia anasema pia tuusukume ukuta hadi kwenye mabati tupate nafasi. Nifanye lipi?

Kamau_Feni
Feni, bila kufikiria mara mbili. Joto lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni usoni. Ukipuliza uso vizuri, joto la ndani halina budi kufuata. Weka mbili, moja kila upande, zipulize sambamba na ukuta, zisielekee mifuko moja kwa moja.

ChapatiOven
Mimi nina swali kama lako, ukuta wa tofali wa jiko la mikate. Ndani nyuzi 220, nje 60. Nimeambiwa katikati ya tofali nitapata wastani wa hizo mbili. Wewe mbona katikati pako ni moto kuliko pande zote? Hebu angalia kama themomita yako ni nzima.

Mama_Joto
ChapatiOven, themomita yake ni nzima. Tofali lako halizalishi joto, linapitisha tu lililotoka jikoni, kwa hiyo joto linashuka kwa mstari ulionyooka na katikati unapata wastani. Ukuta wa MkulimaRuai unazalisha joto kila mahali ndani yake, kwa sababu utando unapumua. Hizo ni hesabu mbili tofauti, usitumie yako kwake.

Sasa MkulimaRuai, vipimo vyako ni vizuri sana, vinatosha kujibu swali lote. Simama katikati ya ukuta, kisha tembea kuelekea usoni. Katikati kabisa hakuna joto linalopita, kwa sababu pande mbili zinafanana na joto linagawanyika hapo, nusu huku, nusu kule. Ukisogea sentimita 10, joto lote lililozaliwa katika hizo sentimita 10 limeshapita hapo ulipo. Ukifika usoni, linapita la sentimita 20. Mzigo unaongezeka kila hatua, na mteremko wa joto unazidi kuwa mkali. Ndiyo maana ukichora vipimo vyako hupati mstari, unapata kilima chenye kichwa bapa.

Kipimo cha kati ndicho shahidi. Kutoka katikati hadi uso joto linashuka nyuzi 9. Kama joto linazaliwa sawasawa kila mahali, basi nusu ya safari, yaani kwa sentimita 10, linapaswa kuwa limeshuka robo tu: nyuzi 2.25. Kwako limeshuka 2.2. Kwa hiyo mifuko yote inafanya kazi kwa kiwango karibu sawa. Kama lingeshuka 4.5 kwa nusu ya safari, ningekuambia moto uko kwenye mifuko ya katikati peke yake, na dawa ingekuwa nyingine.

Hesabu yenyewe ni vipande viwili:

```
Tc - Ts = q*L^2 / (2*k)
Ts - Ta = q*L / h
```

Tc ni joto la katikati, Ts la uso, Ta la hewa. q ni joto linalozaliwa ndani, k ni wepesi wa majani kupitisha joto, h ni wepesi wa uso kulitoa kwenye hewa. L ni nusu ya unene, mita 0.2, si 0.4. Hapo ndipo wengi wanaanguka: ukiweka unene mzima kipande cha kwanza kinavimba mara nne, unapata katikati nyuzi 64.5 na unadhani formula ni mbovu. Majani yaliyolowa na kushindiliwa, chukua k ya 0.4. Kipande cha kwanza kinakupa q ya wati 180 kwa kila mita ya ujazo. Kipande cha pili, nyuzi 4.5, kinakupa h ya 8, ambayo ni ya kawaida kwa hewa iliyotulia.

Sasa tupime ushauri wa Kamau_Feni. Tuseme feni zinaongeza h maradufu, kutoka 8 hadi 16. Kipande cha uso kinashuka kutoka 4.5 hadi 2.25. Kipande cha ndani hakiguswi hata kidogo, kwa sababu hakina h ndani yake. Katikati inabaki 35.25. Na hata ukileta upepo wote wa vilima vya Ngong, uso ukalingana na hewa ya kibanda, katikati itakuwa 24 + 9 = 33. Hapo ndipo mwisho wa feni.

Ukigawa ukuta uwe kuta mbili za sentimita 20, L inakuwa 0.1. Kipande cha ndani kinagawanywa kwa nne: 2.25. Cha uso kinagawanywa kwa mbili: 2.25. Katikati 28.5, bila feni, hewa ile ile. Nunua mbao.

Kamau_Feni
Nakubali hiyo ya 33, sikuwa nimeiona hivyo. Lakini 0.4 umeitoa wapi? Mifuko ina mianya ya hewa katikati yake, na plastiki. Inaweza kuwa 0.3, na hapo hesabu yako yote inaanguka.

Mama_Joto
Swali zuri, ndugu yangu, lakini haianguki. Rudia kwa 0.3. Nyuzi 9 zile zile sasa zinakupa q ya 135, na nyuzi 4.5 zinakupa h ya 6. Kisha gawa ukuta: kipande cha ndani 135 × 0.01 / 0.6 = 2.25. Cha uso 135 × 0.1 / 6 = 2.25. Ni majibu yale yale. Vipimo vyake vimefunga q/k na h/k, na utabiri unahitaji hizo tu. Utahitaji k ya kweli pale unapotaka kujua wati zenyewe, kwa mfano kuchagua ukubwa wa tundu la hewa la kibanda kizima.

MkulimaRuai
Asante sana Mama. Je, lile la kusukuma hadi kwenye mabati? Nafasi kweli ni ndogo.

Mama_Joto
Usifanye. Hata ukiacha upenyo mdogo ambamo hewa haitembei, tuseme h ya upande huo inashuka hadi 2. Sasa pande hazifanani tena, na mahali penye joto la juu kabisa panahama. Unatafuta umbali x kutoka uso mzuri ambapo njia zote mbili zinatoa jibu moja:

```
x/8 + x^2/0.8 = (0.4-x)/2 + (0.4-x)^2/0.8
```

Vile vipeo vya pili vinafutana, inabaki 1.625x = 0.4, na x ni 0.246. Yaani kilele kimesogea karibu sentimita 5 kuelekea mabati, na joto lake ni nyuzi 43. Uso wa upande wa mabati unafika karibu 38, na huo hutauona kwa sababu umeufunika. Ukipima uso wa mbele utasoma 29.5, nyuzi moja tu zaidi ya leo, utadhani mambo ni salama. Ukiuegemeza kabisa, na tuseme mabati yenye jua hayapokei joto lolote, la sentimita 40 zote linatoka upande mmoja: L inakuwa 0.4 na karatasi inasema 69. Hutafika huko, utando utakuwa umekufa kabla, na uliokufa hauzalishi joto.

Njeri_Rafu
Kuna jambo hamjalitaja. Hiyo 8 si ya hewa peke yake. Kwa nyuso zenye joto la kawaida la chumba, takriban 6 ni mnururisho, uso unamwaga joto kwenye kuta na paa za kibanda zilizo baridi kuliko wenyewe. Hewa iliyotulia inachangia 2 au 3. Ukigawa ukuta ukaziweka kuta mbili zikitazamana na kijia katikati, nyuso za ndani zinaangaliana na zina joto sawa, hazipokezani kitu. Upande wa kijia unabaki na 3 hivi. Nimepiga kwa njia ile ile ya Mama_Joto, 8 nje na 3 ndani: kilele ni kama 30, si 28.5. Bado ni salama, ila usitegemee 28.5. Na hapo ndipo ile feni ndogo uliyo nayo inafaa, ipulize ndani ya kijia kwa urefu wake. Acha kijia cha sentimita 60 angalau, la sivyo hewa yenyewe itapanda juu ya 24 na hesabu zote zinapanda nayo.

Kamau_Feni
Kumbe feni zangu zimepata kazi.

Mama_Joto
Njeri yuko sahihi, niliusahau mnururisho wa kijia. Ukimaliza kupanga, subiri siku 2 kamili kabla ya kupima. Majani yaliyolowa hayana haraka. Msumari wa themomita uingize kupitia tundu dogo, ziba kwa utepe, ngoja dakika 5. Kwa uso, funika ncha kwa kipande cha sponji juu ya utepe, vinginevyo inasoma nusu mfuko nusu hewa. Hewa ipime mbali na mabati ya paa.

MkulimaRuai
Nimepanga upya, kijia sentimita 70, feni ndogo ndani ya kijia. Leo siku ya 3. Hewa 24, uso wa nje 26.2, katikati 28.1. Katikati hadi uso wa nje ni 1.9 badala ya 2.25. Je, kuna kitu nimekosea?

Njeri_Rafu
Hujakosea. Utando uliopoa unapumua polepole, kwa hiyo q yenyewe imeshuka. Ile 180 ilikuwa ya mifuko yenye homa.

Mama_Joto
Huenda, lakini themomita ya aina hiyo inakosea nusu nyuzi kirahisi, na tofauti tunayoijadili ni 0.35. Isitoshe, feni ikifanya upande wa kijia upoe kuliko wa nje, kilele kinasogea nje na namba ya katikati hailingani tena na formula ya pande sawa. Pima uso wa kijia pia, halafu badilisha themomita mahali zilipo na usome tena.

MkulimaRuai
Uso wa kijia nitaupima jioni hii nikizungusha mifuko. Ile miwili ya kijani nimeitoa nje.