Saa inasoma yadi 142, leza inasoma 151. Niamini ipi?

Mgeni_wa_Grini: Wakuu, naomba ushauri. Nimeshusha ramani ya uwanja wa gofu kwenye simu, ikahamia kwenye saa bila shida. Jana shimo la 6 saa ilinipa yadi 142 hadi katikati ya grini. Mwenzangu akaelekeza leza kwenye bendera, ikasoma 151. Yadi tisa si mchezo, ni karibu aini nzima. Ramani ni mbovu au saa?

MzeeAini: Hapo ni mlima tu. Leza huongeza yadi ukipiga kupanda, saa inapima kama ardhi ni bapa.

Mgeni_wa_Grini: Mzee wangu, shimo la 6 ni tambarare, na leza yake haihesabu mwinuko.

Kedi_Mstaafu: Mzee kasema kweli kuhusu leza zenye hesabu ya mwinuko, ila si kisa hiki. Mkuu, saa ilisoma ngapi mbele na nyuma ya grini?

Mgeni_wa_Grini: Mbele 128, nyuma 156.

DadaPata: Afadhali wewe, yangu haiuoni uwanja kabisa, inazunguka tu inatafuta.

Kedi_Mstaafu: Basi hivyo vipimo viwili havipingani. Grini hiyo ina urefu wa yadi 28, na 151 iko yadi tano tu kabla ya ukingo wa nyuma. Bendera ilichomekwa nyuma, basi. Saa haioni bendera, inapima hadi sehemu zilizochorwa kwenye ramani, na shimo huhamishwa mara kwa mara. Saa nyingine zinakuruhusu kufungua picha ya grini na kuisogeza bendera kwa kidole.

Setilaiti nazo zinaweza kukosea yadi tatu au zaidi, hasa chini ya miti. Ukitaka kujua kosa ni la nani, simama ukingo wa mbele wa grini: namba ya "mbele" iwe karibu na sifuri. Ikipotoka upande uleule kila ukicheza shimo hilo, shuku ramani. Ikiyumba leo huku kesho kule, ni setilaiti.

DadaPata, toka nje penye uwazi dakika chache kabla ya kuanza, iache ishike setilaiti. Ikikataa, angalia kwenye simu kama uwanja wenyewe umeshashushwa.

Bunka_Tena: Kwetu grini ya 14 ilijengwa upya, ikasogezwa nyuma. Saa zetu zikawa zinasoma pungufu mpaka ramani mpya ilipotoka. Na hata ilipotoka, saa iliendelea na ile ya zamani mpaka nilipoiunganisha na simu.

Mgeni_wa_Grini: Nimeelewa. Shimo la 11 lina miti pande zote na saa hunipa namba za ajabu. Nitasimama ukingoni nione.

MzeeAini: La 11 lina mlima.